Mistari Miwili Ikiachana: Namna ya Kusoma Picha ya Mafunzo ya Modeli

Picha yenyewe unaijua. Mistari miwili inaanzia juu kushoto, inateremka pamoja, kisha kabla ya nusu ya safari inaachana. Mmoja unaendelea kushuka hadi karibu na sakafu ya grafu, mwingine unapinda na kuanza kupanda. Unaoshuka umeandikwa `train_loss`, unaopanda `val_loss`. Aliyeituma ameuliza swali moja tu chini yake: "Modeli imeharibika?" Na wajibuji wa haraka, ambao hawakosekani katika kundi lolote la WhatsApp la watu wa data, wamekwishajibu kabla picha haijafunguka vizuri: inakariri, rudi pale ilipopinda, chukua nakala ya hapo, basi.

Ushauri wangu ni kwamba usijibu bado. Mpindo huo unaweza kuletwa na hali mbili zilizo mbali kabisa. Katika ya kwanza modeli inazidi kukosea picha mpya. Katika ya pili inakosea kidogo kuliko zamani, ila kila inapokosea inakosea kwa kujiamini kupita kiasi. Mstari wa hasara hupanda katika hali zote mbili, na skrinishoti yenye mistari hiyo miwili tu haina namna ya kukuambia uko katika ipi. Ukirudi nyuma bila kujua, unaweza kutupa modeli bora na kubaki na dhaifu.

Tushike kisa kimoja tukifuate hadi mwisho. Yapo mashindano yaliyofungwa mwanzoni mwa 2021 kwenye jukwaa la Kaggle, ya kutambua magonjwa ya majani ya mhogo. Picha zilipigwa na wakulima wa Uganda mashambani mwao, zikapewa lebo na wataalamu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa mazao, NaCRRI, wakishirikiana na maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere. Seti ya mafunzo ina picha 21,397 katika makundi matano: batobato, michirizi ya kahawia, madoadoa ya kijani, ugonjwa wa bakteria, na majani yenye afya. Seti hii inafaa kujifunzia kwa sababu ina kasoro zote za data ya kweli. Batobato peke yake ina picha 13,158, ugonjwa wa bakteria una 1,087 tu, na lebo nyingine zinatia shaka hata kwa jicho la mtu.

Sasa chukulia kwamba mwenzako ametenga moja ya tano ya picha hizo kwa uhakiki, kama 4,279, akafundisha modeli kwa mizunguko 12, yaani ameipitisha modeli katika picha zote za mafunzo mara 12. Skrinishoti yake inaonyesha hasara ya mafunzo ikishuka kutoka 0.95 hadi 0.04. Hasara ya uhakiki inaanza 0.78, inafika chini kabisa, 0.50, kwenye mzunguko wa nne, kisha inapanda polepole hadi 0.79 kwenye mzunguko wa 12. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya maelezo, lakini umbo lake ni lile lile utakaloletewa kila wiki.

Anza na pembezoni mwa picha kabla ya kuutazama mpindo. Mhimili wa wima unaanzia wapi? Programu nyingi za kuchora hukata mhimili pale data inapoishia, na kupanda kutoka 0.50 hadi 0.53 kukijaza skrini nzima huonekana kama mlima. Kama mhimili umewekwa katika skeli ya logi, mambo yanageuka: kushuka kwa mafunzo kutoka 0.08 hadi 0.04 kunaonekana kukubwa sawasawa na kushuka kutoka 0.8 hadi 0.4, na kupanda kwa uhakiki kunasinyaa. Na mhimili wa mlalo unahesabu nini, mizunguko au hatua? Mpindo uliotokea kwenye hatua ya 2,000 unaweza kuwa ndani ya mzunguko wa pili au wa ishirini, kutegemea ukubwa wa data na wa mafungu.

Kuna jambo dogo la TensorBoard ambalo limewapoteza wengi. Pembeni mwa grafu kuna kitelezi cha kulainisha mistari, na usipokigusa huwa kimewekwa 0.6. Ulainishaji huo huchanganya kila nukta na zilizotangulia, kwa hiyo mstari mzito unaouona unachelewa nyuma ya data halisi. Kwa hasara ya mafunzo yenye maelfu ya nukta haina neno. Kwa hasara ya uhakiki yenye nukta 12 tu, chini ya bonde huonekana mzunguko mmoja au miwili baada ya pale lilipo kweli. Tafuta mstari hafifu uliofifia nyuma ya ule mzito. Huo ndio data. Kama haupo kwenye skrinishoti, mwombe mwenzako akirudishe kitelezi sifuri na apige picha upya.

Jambo la pili la pembezoni linahusu mwanzo wa grafu. Mara nyingi utaona hasara ya uhakiki iko chini ya ya mafunzo katika mzunguko wa kwanza au wa pili, na mtu ataogopa kwamba data imevuja. Pengine haijavuja. Keras, na misimbo mingi ya PyTorch ambayo watu wanarithishana, huandika hasara ya mafunzo kama wastani wa mzunguko mzima, ukiwamo ule ujinga wa dakika za mwanzo, lakini hupima uhakiki mara moja mwishoni modeli ikiwa imekwishajifunza. Tena wakati wa mafunzo `dropout` huzima baadhi ya njia za mtandao, na wakati wa uhakiki zote zimewashwa. Ukitaka kulinganisha kwa haki, usogeze mstari wa mafunzo nusu mzunguko kushoto kichwani mwako, ndipo uulize mistari inaachana wapi.

Ukishaelewa picha imechorwaje, tafuta vipimo vya kusimamia. Hasara ya 0.50 ni kubwa au ndogo? Bila kitu cha kulinganisha nacho, haina maana. Kwa uainishaji wa makundi matano, modeli isiyojua chochote, inayoyapa makundi yote nafasi sawa, hupata hasara ya `ln(5)`, yaani 1.61. Ila hicho ni kipimo chepesi mno kwa data yetu, kwa sababu hata mvivu asiyetazama picha anaweza kujua kwamba batobato ndiyo nyingi. Modeli inayorudia tu uwiano wa makundi, asilimia 61 batobato, 12 majani mazima, 11 madoadoa, 10 michirizi, 5 bakteria, hupata hasara ya karibu 1.18, na ikijibu "batobato" kwa kila picha hupata usahihi wa asilimia 61. Hizo namba mbili ziandike kando ya grafu. Modeli ya mwenzako, hata pale ilipopanda hadi 0.79, bado iko mbali na uvivu huo. Kwa data hii, uhakiki ukivuka 1.18 ndipo unapoanza kuwa na habari nzito, na hata hapo, kama tutakavyoona, haimaanishi moja kwa moja kwamba majibu yake ni mabaya.

Kwa nini? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na panahitaji subira kidogo ya hesabu.

Hasara inayotumika katika uainishaji haiangalii kama jibu ni sahihi. Kwa kila picha, modeli hugawa uwezekano kwa makundi matano, na hasara huchukua kile kiasi ilichokipa kundi la kweli, ikakitoza kwa `-ln(p)`. Ukilipa kundi la kweli 0.8, unatozwa 0.22. Ukilipa 0.5, unatozwa 0.69. Ukilipa 0.01, unatozwa 4.6, na ukilipa 0.001 unatozwa 6.9. Upande wa faida una mwisho, kwani huwezi kupata chini ya sifuri. Upande wa adhabu hauna mwisho. Ni kama mcheza kamari anayeweka dau kwenye kila mechi: akishinda mechi nyingi zaidi kuliko mwezi uliopita bado anaweza kufilisika, kwa sababu zile chache alizopoteza aliweka nyumba nzima.

Tuifanyie hesabu skrinishoti yetu. Katika mzunguko wa nne, chukulia kwamba kati ya kila picha 100 za uhakiki modeli inapatia 82, na kwa hizo inalipa kundi la kweli karibu 0.80. Kwa 18 inazokosa, inalipa kundi la kweli karibu 0.17. Wastani wa hasara ni 0.82 mara 0.22, kujumlisha 0.18 mara 1.77, ambao unatupa 0.50. Sasa nenda mzunguko wa 12. Modeli inapatia 85, na kwa hizo inajiamini, 0.97. Kwa 15 inazokosa, inajiamini vile vile katika jibu baya, na kundi la kweli limeachiwa 0.006. Hasara ni 0.85 mara 0.03, kujumlisha 0.15 mara 5.12. Jibu ni 0.79. Usahihi umepanda kwa pointi tatu na hasara imepanda kwa zaidi ya nusu, katika modeli ile ile, kwenye picha zile zile.

Hili si jambo la nadharia tu. Chuan Guo na wenzake walilionyesha mwaka 2017 katika utafiti wao kuhusu jinsi mitandao ya neva ya kisasa inavyojiamini: hasara ya uhakiki huanza kupanda huku kiwango cha makosa kikiendelea kushuka, na tofauti hiyo hulipwa na uwezekano unaotolewa, ambao huacha kuwa wa kuaminika. OpenAI nao, walipoeleza mwaka 2022 jinsi walivyofundisha InstructGPT, waliandika kwamba modeli zao za hatua ya kwanza zilianza kukariri, kwa kipimo cha hasara ya uhakiki, baada ya mzunguko mmoja tu. Walizifundisha kwa mizunguko 16 hata hivyo, kwa sababu binadamu walipolinganisha majibu waliyapenda zaidi ya zile zilizoendelea. Mtu wa "simamisha pale ilipopinda" angekuwa amewakatisha mapema mno.

Basi kitu cha kwanza cha kumwomba mwenzako ni mstari wa tatu, usahihi wa uhakiki kwa mizunguko ile ile. Ukipanda au ukilala tambarare wakati hasara inapanda, uko katika hali ya kujiamini kupita kiasi. Ukishuka pamoja na kupanda kwa hasara, basi modeli inapoteza kweli uwezo wa kusoma picha mpya, na wajibuji wa haraka walikuwa na haki.

Kabla hujautangaza ushindi wa pointi tatu, pima ukubwa wa seti ya uhakiki. Kwa picha 4,279 na usahihi wa karibu asilimia 84, mtikisiko wa bahati tu ni kama pointi moja juu au chini, kwa hiyo kutoka 82 hadi 85 ni mabadiliko ya kweli. Kama mwenzako angetenga picha 200 tu, mtikisiko ungekuwa kama pointi tano, na mstari wa usahihi ungeruka huku na huku bila kusema lolote. Watu wengi wenye data ndogo, wale wanaokusanya picha zao wenyewe mashambani au sauti zao wenyewe vijijini, wanatafsiri mitikisiko ya aina hiyo kama ujumbe. Kwao ushauri ni mmoja: gawanya data kwa njia tano tofauti, fundisha mara tano, chora mistari mitano ya uhakiki kwenye grafu moja. Kama yote mitano inapinda karibu na mahali pamoja, mpindo upo.

Kitu cha pili cha kuomba hakionekani katika skrinishoti yoyote, nami nakithamini kuliko mistari yote: hasara ya kila picha, moja moja. Wastani mmoja umeficha picha 4,279. Katika PyTorch ni kazi ya mistari michache, baada ya kuiweka modeli katika `model.eval()` na kukusanya majibu yake ghafi ya seti yote ya uhakiki:

```python
h = F.cross_entropy(logits, lebo, reduction="none")
print(h.mean(), h.median())
mbaya = h.topk(40).indices
```

Linganisha wastani na namba ya katikati, ile inayogawa picha nusu kwa nusu. Katika mfano wetu, namba ya katikati itashuka kutoka karibu 0.2 kwenye mzunguko wa nne hadi 0.03 kwenye wa 12, huku wastani ukipanda kutoka 0.50 hadi 0.79. Yaani kwa picha ya kawaida modeli imekuwa bora, na kupanda kote kumebebwa na kikundi kidogo cha picha. Kama zote mbili zinapanda, ugonjwa umeenea katika seti nzima.

Halafu zifungue zile picha 40 mbaya kuliko zote, uzitazame kwa macho yako. Usikabidhi kazi hii kwa mtu mwingine. Katika majani ya mhogo utakuta vitu vya aina tatu au nne vinavyojirudia. Utakuta picha ambazo lebo inasema jani lina afya na wewe mwenyewe unaona mabaka ya njano ya batobato. Utakuta jani lenye magonjwa mawili kwa pamoja, jambo la kawaida shambani, lakini lebo ni lazima iwe moja. Utakuta picha ya mmea mzima iliyopigwa kwa mbali, au ya mizizi, au yenye kivuli cha mkono. Baadhi ya hizo si makosa ya modeli hata kidogo. Modeli imejibu sawa, lebo ndiyo iliyokosea, na kwa kuwa modeli inajiamini kwa 0.99, adhabu inayotozwa kwa kosa la mwandika lebo ni kubwa kuliko ya picha mia nzuri.

Hili linaeleza pia mstari wa chini, ule wa mafunzo, ambao watu huusahau kwa sababu unashuka vizuri. Washindi wa mashindano yale waliishia kwenye usahihi wa karibu asilimia 91 katika picha zilizofichwa. Zilikuwa timu zenye uzoefu, zilizounganisha modeli kadhaa, na hazikuweza kupita hapo. Sasa modeli ya mwenzako ina hasara ya mafunzo ya 0.04, yaani inapatia karibu picha zote za mafunzo, zikiwamo zenye lebo mbovu. Hakuna njia ya kuipatia lebo mbovu kwa kulisoma jani. Njia iliyobaki ni kuikumbuka picha yenyewe: kidole kile, udongo ule, kona ile yenye mwanga. Mwaka 2017 Chiyuan Zhang na wenzake waliufundisha mtandao wa neva kwa picha zilizopewa lebo za kubahatisha tu, na ukafikia makosa sifuri katika mafunzo. Kwa hiyo mstari unaogusa sakafu ni ushahidi kwamba modeli ina nafasi ya kutosha kichwani, na si zaidi ya hapo. Kuanzia pale hasara ya mafunzo inaposhuka chini ya kiwango ambacho lebo zenyewe zinaweza kuaminika, kila hatua inayoongezwa inatumika kukariri takataka.

Ukiwa na hasara za picha moja moja, zigawe pia kwa kundi la ugonjwa. Moja ya tano ya picha za ugonjwa wa bakteria ni kama 217 tu kati ya 4,279. Inawezekana kabisa usahihi wa jumla ukapanda kwa sababu batobato imeimarika, huku bakteria inazama, na hiyo mkulima mwenye shamba lililoshambuliwa na bakteria ataijua kabla yako. Katika hali hiyo hasara iliyopanda ilikuwa inasema kweli na usahihi wa jumla ulikuwa unadanganya.

Ufanye nini sasa? Inategemea umekuta nini.

Kama usahihi unapanda au umetulia, na namba ya katikati inashuka, swali ni modeli itatumikaje. Ikiwa itatoa jina la ugonjwa tu, chagua nakala kwa usahihi, tena usahihi wa wastani wa makundi matano badala ya wa jumla, na uache hasara ipande. Ikiwa programu itamwonyesha mkulima "uhakika asilimia 97", au itaamua yenyewe ni picha zipi zipelekwe kwa bwana shamba kwa sababu modeli haina hakika, basi uwezekano huo unahitaji kurekebishwa kabla haujatoka mlangoni. Njia nyepesi ambayo Guo na wenzake waliipendekeza ni kugawanya majibu ghafi kwa namba moja, `T`, kabla ya kuyageuza kuwa uwezekano:

```python
hasara = F.cross_entropy(logits / T, lebo)
```

Unatafuta `T` inayoshusha hasara hiyo kabisa kwenye seti ya uhakiki, modeli yenyewe ikiwa imefungwa. Mpangilio wa makundi haubadiliki, kwa hiyo usahihi unabaki ule ule hadi nukta ya mwisho. Kinachoshuka ni kiburi. `T` ikitoka 1.1, modeli ilikuwa karibu na ukweli. Ikitoka 2 au zaidi, ilikuwa inapiga kelele. Na hiki ni kipimo kizuri cha mwisho kwa skrinishoti yetu: ihesabu hasara ya mzunguko wa nne na ya mzunguko wa 12 zote baada ya kurekebishwa hivyo. Ikiwa ya 12 sasa iko chini ya ya nne, mpindo wote ulikuwa kujiamini kupita kiasi. Ikiwa bado iko juu, kuna kitu kingine kimeharibika ambacho `T` haiwezi kukigusa.

Kama usahihi unashuka pia, rudi kwenye nakala ya mzunguko wa nne, lakini usiishie hapo, maana umekata tu mahali pa kuumia. Kwa picha za majani, cha kwanza ninachojaribu ni kuzigeuza wakati wa mafunzo: kuzipindua, kuzikata vipande kwa ukubwa tofauti, kubadilisha mwanga. Jani halina juu wala chini, kwa hiyo kulipindua hakuharibu maana, na modeli inanyimwa ile kona yenye mwanga iliyokuwa ikiikumbuka. Rangi uiguse kwa uangalifu, kwani tofauti ya batobato na jani zima imo katika rangi. Cha pili ni `label_smoothing=0.1`, ambayo inaizuia modeli kuongeza hakika yake bila kikomo kwa ajili ya lebo moja yenye shaka. Kuongeza `weight_decay` naweka nyuma ya hizo mbili, na kupunguza ukubwa wa modeli nyuma zaidi, ingawa vitabu vya zamani vinaanzia hapo.

Na kama hasara ya uhakiki ilipanda tangu mzunguko wa kwanza, bila bonde lolote, usianze na dawa za kukariri kabisa. Modeli haijapata muda wa kukariri. Angalia kama picha za uhakiki zinapita katika hatua zile zile za maandalizi, ukubwa na usawazishaji wa rangi, kama za mafunzo. Angalia kama namba za lebo zimepangwa kwa mpangilio mmoja pande zote mbili. Angalia kama mtu amesahau `model.eval()` kabla ya kupima, na kama kasi ya kujifunza ni kubwa mno kwa modeli iliyokuwa imeshafundishwa kwingine. Ushahidi wa haraka: pitisha picha za mafunzo zenyewe katika msimbo wa uhakiki. Zikitoa hasara kubwa, tatizo liko katika msimbo.

Kuna tahadhari moja kwa wanaotumia Keras na kuamini kwamba `EarlyStopping` imewashughulikia. Usipoiambia, inafuatilia `val_loss`, subira yake ni sifuri, na `restore_best_weights` imezimwa. Maana yake inasimama mara tu hasara inapokosa kushuka katika mzunguko mmoja, kisha inakuachia modeli ya mzunguko huo wa mwisho badala ya ile bora. Ukiambiwa "nilitumia kusimamisha mapema", uliza kwa kipimo gani, kwa subira ya mizunguko mingapi, na ni nakala ya mzunguko upi iliyobaki kwenye diski.

Mara nyingi utagundua kwamba mwenzako hana zaidi ya ile skrinishoti. Nakala za katikati zilifutwa kuokoa nafasi, usahihi haukuandikwa, kipindi cha Colab kimekwisha. Hapo usimkisie. Mwambie afundishe tena akihifadhi nakala kila mzunguko, usahihi wa kila kundi, na faili moja ya majibu ghafi ya seti ya uhakiki kwa kila mzunguko. Kwa picha 4,279 na makundi matano, faili hiyo haifiki kilobaiti 100.